Tundu la mm 16 kwenye flanji ya mm 20: hesabu yangu yasema sekunde 12 na nusu, saa yasema 22

fundi_flanji_mld
Asalaam aleikum wadau, naombeni msaada kabla kesho asubuhi sijawasha mashini tena. Niko Malindi, karakana ndogo, tumepata kazi ya flanji 12 za pampu za kuvuta maji ya bahari kule mashamba ya chumvi Gongoni. Kila flanji ina matundu 4, jumla 48. Chuma ni maild stili ya kawaida, unene mm 20, tundu ni la mm 16 na linatokea upande wa pili. Mashini ni drili ya kusimama yenye gia na fidi ya otomatiki, tumeinunua mitumba kutoka ng'ambo, biti ni ya haispidi.

Hesabu nilifanya hivi, kasi ya kukata nikaweka mita 25 kwa dakika, nikapata mizunguko 497, kwenye kibao cha mashini iliyo karibu ni 480 nikachukua hiyo. Fidi, yaani biti ishuke kiasi gani, nikaweka mm 0.2 kwa kila mzunguko. 480 mara 0.2 ni 96, yaani biti yashuka mm 96 kwa dakika. Chuma ni mm 20, 20 gawa kwa 96 ni dakika 0.208, sekunde 12 na nusu. Matundu 48 ni dakika kumi tu, nikamwambia mkubwa wa karakana kwa nusu saa kazi imeisha.

Sasa mambo mawili yamenishinda. La kwanza, stopa ya kuzuia biti isishuke zaidi nilifunga kwenye 22 nikijua nimezidisha mm 2 juu ya unene, tundu la kwanza nikaligeuza chini nikakuta juu ni 16 safi lakini chini ni kitundu cha kama 6 au 7 hivi, bolti haipiti kabisa. La pili, nikaifungua stopa nikaacha biti ipite mpaka izunguke bure, nikapima kwa simu, sekunde 22 hivi. Nimerudia matundu matatu, ni ile ile. Hesabu nimekosea wapi?

kijana_wa_shela
Biti yako imelika bro, ikilika kona inatoboa ndogo chini. Nunua mpya utaona.

fundi_flanji_mld
Ni mpya, nimeitoa kwenye karatasi jana. Na hata ikilika haiwezi kutoka 16 ikawa 7.

bi_mwana_karakana
Waaleikum salaam mwanangu. Biti haina kosa. Umehesabu kama vile biti ni nguzo bapa chini, na biti si bapa, ina ncha. Stopa yako inapima pale ncha ilipofika, wala haipimi pale kona zilipofika. Ncha imeshatokea mm 2 upande wa pili lakini kona, zile zinazofanya tundu liwe 16, bado ziko juu ndani ya chuma.

Biti ya kawaida ina pembe ya digrii 118 kwenye ncha, na kwa pembe hiyo urefu wa ncha ni 0.3 ya kipenyo. Yako ni 16, basi ncha ni mm 4.8. Stopa ikiwa 22, kona zimesimama kwenye 17.2. Na hicho kitundu chako cha chini ndicho ushahidi wenyewe, ncha ikitokea mm 2 kwa pembe hiyo inaacha tundu la mm 6.7. Umepima 6 au 7, sawasawa kabisa.

Kwa hivyo safari ya biti si 20. Ncha inaanza juu ya chuma kidogo, kwa sababu huwezi kuanza fidi ya otomatiki biti ikiwa tayari imegusa, utaipiga. Weka mm 3 za kukaribia. Halafu unene 20, halafu ncha 4.8, halafu mm 2 za kuzidisha ili kona zitoke kweli na zisiache ukingo wa chini umening'inia. Yote 29.8.

```
L = 3 + 20 + 4.8 + 2 = 29.8 mm
T = 29.8 / 96 = 0.310 dakika = sekunde 18.6
```

Stopa ukiianzia sifuri pale ncha inapogusa juu ya chuma, ifunge kwenye 26.8. Zile 3 za kukaribia ziko juu ya sifuri.

spidi_mia
Mwalimu naheshimu lakini hapo umesahau moja. Ncha inahesabiwa mara mbili. Biti ikiingia, tundu halijawa 16 mpaka ncha yote izame, hiyo 4.8. Ikitoka tena kona ziko nyuma ya ncha kwa 4.8. Kwa hivyo ni 3 + 4.8 + 20 + 4.8 + 2, jumla 34.6. Gawa kwa 96 upate sekunde 21.6, na kijana amepima 22! Hesabu imekubali yenyewe.

fundi_flanji_mld
Eeh hii ya 21.6 mbona inakaribia kabisa na saa yangu? Ss nashindwa nifuate ipi.

bi_mwana_karakana
Kukaribia si kuthibitisha. Spidi_mia, ulilosema kuhusu kuingia na kutoka ni kweli, pale juu tundu halijatimia mpaka ncha izame, na pale chini ncha hutangulia kona. Kosa lako ni kwamba ile 4.8 ya kuingia umeijumlisha juu ya 20, na imo ndani ya hiyo 20.

Usitazame tundu, tazama kitu kimoja tu kinachosafiri, ncha. Chukua rula uisimamishe kando ya chuma. Ncha inaanza mm 3 juu ya uso. Inashuka mpaka uso, hiyo 3. Inapita chuma chote mpaka inachungulia chini, hiyo 20, na ndani ya hiyo 20 kona nazo zilishaingia zilipofika zamu yao, hakuna aliyezisubiri. Kisha ncha inaendelea chini mpaka kona nazo zitokee, 4.8, na 2 za kuzidisha. Ni mara moja tu. Ukitaka ziwe mara mbili lazima unionyeshe mahali ambapo ncha imesafiri hizo 4.8 nyingine, na hapapo.

Mwanangu jaribu hivi. Funga stopa 26.8 toboa tundu moja kwenye kipande cha kutupa. Kama mimi nimekosea, kona hazitatoka. Kama ni spidi_mia aliyekosea, kona zitatoka na mm 2 zitabaki.

Na weka vitalu chini ya flanji! Ncha itatokea mm 6.8 chini ya chuma, kama flanji imelala juu ya meza moja kwa moja utaitoboa meza ya mashini. Nimeona meza zenye makovu duara kila mahali, na kila kovu ni mtu aliyesahau ncha.

keekee_matondoni
Nami niulize kwa vile mwazungumza kutoboa. Mie ni fundi wa majahazi, Matondoni, Lamu. Kwetu sisi twatoboa mbao kwa keekee kabla ya kupiga msumari, ubao wa nje mpaka kwenye taruma, zile mbavu za jahazi. Tundu twalitoboa jembamba kuliko msumari ili msumari ushike. Je hiyo hesabu ya ncha inatuhusu? Maana vijana siku hizi waja na drili za betri na watoboa tundu mpaka latokea ndani, maji yaingia.

bi_mwana_karakana
Mzee wangu shikamoo. Lako ni jambo jingine, huyu kijana anataka tundu litokee na wewe unataka lisitokee. Lakini ncha inakuhusu vilevile, kwa upande wa pili wake, ukitaka tundu lenye upana kamili kwa kina fulani basi ncha itatangulia mbele ya kina hicho, hivyo ubao lazima ubaki na unene zaidi ya urefu wa ncha. Wawekee vijana kitambaa kwenye biti kama alama, na alama ipimwe kutoka kwenye ncha.

keekee_matondoni
Marahaba. Kitambaa ndicho tufanyacho na keekee miaka yote, ila twapima kwa jicho kutoka begani mwa biti. Huenda ndipo wanapokosea hapo. Nitawambia.

nahodha_wa_ji_kodi
Mimi ni wa Malindi niko Mombasa naendesha mashini ya kompyuta, hii ya bi mwana ndivyo inavyoandikwa kwenye programu. Sifuri iko juu ya chuma:

```
G81 X0 Y0 Z-26.8 R3. F96
```

R3 ndio ile ya kukaribia, mpaka hapo biti inashuka mbio. Kutoka hapo inaenda kwa fidi ya 96 mpaka ncha ifike 26.8 chini. 3 na 26.8 ni 29.8. Mashini haijumlishi ncha mara mbili na matundu yanatokea vizuri. Ila kumbuka hiyo 26.8 ni ya ncha, programu haijui biti yako ina pembe gani, ukibadilisha biti ya digrii 135 ncha yake ni fupi, kama 3.3 kwa kipenyo cha 16.

spidi_mia
Sawa nimechora kwenye karatasi, nimekubali, ncha ni mara moja. Lakini sasa sekunde 22 za kijana zimetoka wapi? 18.6 na 22 hazifanani, ni karibu sekunde nne.

fundi_flanji_mld
Nimerudi kutoka karakana. Stopa 26.8, vitalu chini. Tundu limetoka 16 juu na chini, bolti yapita. Kona zimetoka na nimeangalia kwa rula kuna nafasi ndogo ya kama mm 2, kwa hivyo bi mwana ahsante sana. Lakini saa bado! Nimeanzisha simu pale fidi inaposhika mpaka inapoachia kwenye stopa, sekunde 22 na pointi tatu au nne, mara tano mfululizo. Labda mkanda unateleza chuma kinapokaza?

kijana_wa_shela
Mkanda huo. Kaza.

mzee_wa_mitambo
Kabla hujakaza kitu, tenganisha mambo mawili. Ondoa flanji, shusha biti hewani kwa fidi ileile ya 0.2 na mizunguko ileile, upime kwa saa inachukua muda gani kwenda mm 20 kwenye rula. Ikiwa mashini ni 96 kweli, utapata sekunde 12 na nusu. Ukipata hiyo hewani lakini kwenye chuma inachelewa, basi kitu kinateleza chini ya mzigo. Ukipata zaidi hewani pia, mashini yenyewe haiendi 480. Ulete namba.

fundi_flanji_mld
Hewani mm 20 ni sekunde 15. Nimepima mara nne, 15, 15, 14.9, 15.1.

mzee_wa_mitambo
Mkanda hauna kosa basi. Sekunde 15 kwa mm 20 ni mm 80 kwa dakika. Fidi inatoka kwenye gia za spindo, ule mhimili unaozungusha biti, 0.2 kwa mzunguko haibadiliki hata spindo iende pole, kwa hivyo 80 gawa kwa 0.2 ni mizunguko 400. Kibao chasema 480, mashini yaenda 400. 480 kwa 400 ni sawa na 60 kwa 50. Nenda kwenye mota, futa vumbi, nisomee kibao chake, hasa pale penye hezi, ile mitetemo ya umeme kwa sekunde.

fundi_flanji_mld
Subhanallah. Kibao cha mota kimeandikwa 60 Hz, mizunguko 1725. Hakuna 50 popote.

mzee_wa_mitambo
Ndiyo hiyo. Mashini ilitengenezwa kwa nchi ya umeme wa hezi 60, umeme wetu Kenya ni hezi 50. Mota ya aina hii hufuata hezi, ikiletewa 50 badala ya 60 inazunguka kwa sehemu tano za sita. Basi kila namba iliyoandikwa kwenye kile kibao cha mizunguko ipunguze, zidisha kwa 5 gawa kwa 6. 480 ni 400, 640 ni 533, zote hivyohivyo. Andika namba mpya kwa rangi ubandike juu ya zile, kwa sababu kesho ataingia fundi mwingine asome 480.

Sasa rudia hesabu ya bi mwana kwa 80 badala ya 96:

```
29.8 / 80 = 0.3725 dakika = sekunde 22.35
```

Hiyo ndiyo saa yako. Ncha ilikula sekunde zake na hezi zimekula zake, na ile ya spidi_mia ya 21.6 iliangukia karibu kwa bahati tu. Na hiyo mota iguse kwa mkono mchana, kwenye hezi 50 mota ya 60 hupata joto zaidi ikiwa umeme wa volti ni uleule.

spidi_mia
Aah kumbe. Ingekuwa nimeachwa na hiyo 21.6 ningeenda nayo maisha yangu yote.

fundi_flanji_mld
Mzee ahsante, Mungu akuweke. Sasa nikihama kwenda 640 ya kibao ambayo ni 533 kweli, si ndio karibu na ile 497 niliyoitaka mwanzo? Fidi inakuwa 533 mara 0.2, karibu 107, tundu linakuwa sekunde 16.8.

bi_mwana_karakana
Kwa 533 kasi ya kukata ni karibu mita 27 kwa dakika. Kwa maild stili na biti ya haispidi inawezekana, lakini ni kama una maji ya kupozea yanayomwagika mfululizo. Unayo?

fundi_flanji_mld
Nina chupa ya mafuta, nadondoshea kwa mkono.

bi_mwana_karakana
Basi baki 400. Kwa 400 unakata kwa mita 20, biti itakaa. Unachookoa ni sekunde tano na nusu kwa tundu, mara 48 ni kama dakika nne na nusu. Kuinoa biti ya 16 mara moja kunachukua zaidi ya hizo.

mzee_wa_mitambo
Mimi ningeenda 533. Matundu 48 ya mm 20 si mengi, biti mpya itafika. Ila azione kona kila baada ya flanji mbili, zikianza kung'aa kwenye ukingo au mlio ukibadilika arudi 400.

bi_mwana_karakana
Tumetofautiana hapo mzee, na yeye ndiye mwenye biti.

keekee_matondoni
Samahani narudi tena. Pale biti inapochungulia upande wa pili, kwenye mbao keekee hushika na kupasua ubao. Kwenye chuma haifanyi hivyo? Maana naona mwaacha otomatiki iende mpaka mwisho.

mzee_wa_mitambo
Inafanya. Swali zuri sana hilo. Katikati ya ncha kuna ule ukingo mfupi usiokata vizuri, unaosukuma tu chuma, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kwenda chini. Ukishatokea upande wa pili, mzigo unaanguka ghafla, mashini iliyokuwa imejikunja kidogo inajinyoosha, na biti inaruka mbele na kuuma. Flanji ikiwa haijabanwa inazunguka pamoja na biti. Mimi naachia otomatiki pale ncha inapochungulia, zile mm 6.8 za mwisho naenda kwa mkono, nusu ya mwendo. Kwa 80 zingechukua sekunde 5, kwa 40 ni 10. Kwa hivyo tundu lako ni sekunde 27 na nusu hivi, lihesabu hivyo.

bi_mwana_karakana
Ikiwa flanji imebanwa kwa klempu mbili na spindo haina uchezi, otomatiki kwa 0.2 inatoka salama. Mkono ni kwa bati jembamba na kwa mashini iliyolegea. Kijana shika spindo uitikise juu chini, kama inacheza fuata ya mzee.

fundi_flanji_mld
Yacheza kidogo. Nitafuata ya mkono.

Sasa la mwisho, mkubwa anataka nimwambie kazi yote ni saa ngapi. 27.5 mara 48 ni dakika 22. Nimwambie 22?

bi_mwana_karakana
Hapana! Hiyo ni dakika za biti kukata tu. Chukua simu upime flanji moja kamili kutoka unapoiinua sakafuni mpaka unaiweka nyingine. Hiyo sehemu haina fomula, ni saa na jicho. Tuambie.

fundi_flanji_mld
Nimepima mbili leo jioni. Kuifunga flanji, vitalu, klempu na kuifungua mwisho ni dakika 3. Kuisogeza kutoka tundu hadi tundu na kuipatanisha alama ya panchi na ncha ni kama sekunde 40 kila tundu. Kupandisha biti na kufagia shavingi sekunde 8.

bi_mwana_karakana
Sasa jumlisha kwa tundu moja. Kukata 27.5, kupandisha na kufagia 8, kupatanisha 40, na zile dakika 3 zikigawanywa kwa matundu 4 ni 45. Sekunde 120 na nusu, dakika mbili. Mara 48 ni saa moja na dakika 36, na hapo hujapiga panchi wala kunywa maji.

Na tazama zilipo dakika zako. Kukata ni chini ya robo. Ukitaka kazi iende upesi usikimbilie 533, tengeneza jigi ya bati lenye matundu manne yenye bushi za kuongoza biti, flanji iingie na kutoka bila kutafuta alama. Hapo ndipo zile 40 zinakuwa 10.

spidi_mia
Jigi naweza kumsaidia, niko Watamu, nina kipande cha mm 12. Ila bi mwana, ukiweka bushi juu ya flanji si ncha sasa inaanza juu zaidi? Ile 3 ya kukaribia inaongezeka?

bi_mwana_karakana
Hapo umeuliza vizuri. Inaongezeka kama unaanza fidi juu ya bushi, unene wa bushi unaingia kwenye safari, mm 12 zaidi kwa 80 ni sekunde 9 kila tundu, hewani tupu. Ishushe biti kwa mkono ndani ya bushi mpaka imebaki mm 3 juu ya flanji, ndipo ushike otomatiki. Na sifuri ya stopa iwe bado ni pale ncha inapogusa flanji, usiiweke juu ya bushi.

fundi_flanji_mld
Nimemwambia mkubwa saa mbili, amekubali. Spidi_mia nitakupigia baada ya alfajiri. Nimebandika namba mpya kwenye mashini, 400 kwa rangi nyeupe, na naanza na hiyo 400, nitaona kona za biti zitasemaje flanji ya sita.

kijana_wa_shela
Na ukimaliza niuzie hiyo biti, nina geti la kutoboa.